Kurasa zafunguka, barua zakwama: utajuaje kama poti zimefungwa kweli

Ofisi yenyewe iko ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Moi Avenue hapa Mombasa, na kazi yao ni kutoa mizigo bandarini. Walihamia hapo Jumamosi. Jumatatu asubuhi kompyuta zikawashwa, tovuti ya KRA ikafunguka, ya benki ikafunguka, hata video zikacheza bila kusita. Lakini Thunderbird, programu wanayosomea barua pepe, ilikaa muda mrefu ikijaribu kuunganisha, kisha ikaandika hivi:

```
Connection to server mail.example.com timed out.
```

Jina la seva nimelibadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa. Ndani ya sanduku hilo la barua kulikuwa na hati za shehena kutoka kwa wakala wa meli, na kontena linalopitisha siku zake za bure bandarini huanza kulipiwa stoo. Mwenye ofisi aliponipigia simu alikuwa ameshafikia uamuzi. "Mwanangu, mtandao waja vizuri, barua tu ndizo hazingii. Mwenye jumba ametufungia poti."

Ushahidi wake haukuwa mbaya. Karani alikuwa ameunganisha kompyuta kwenye hotspoti ya simu yake, na barua zote za tangu Ijumaa zikashuka. Akairudisha kwenye waifai ya jumba, zikakwama tena. Ukisikia maelezo hayo, utasema moja kwa moja kwamba mtandao wa jumba ndio unaozuia. Mimi mwenyewe nilipanda ngazi nikiamini hivyo, na tulikuwa tumekosea sote wawili. Kilichotupotosha ndicho kinachowapotosha watu wengi kwenye tatizo hili, kwa hiyo nitakieleza polepole.

Tuanze na poti. Seva moja inaweza kutoa huduma nyingi kwa wakati mmoja: tovuti, barua zinazoingia, barua zinazotoka. Anwani ya seva inaifikisha safari yako kwenye mashine yenyewe, na namba ya poti inasema umefuata huduma gani. Dereva wa lori anayeingia Kilindini anaelewa jambo hili bila kufundishwa: haitoshi kuambiwa "peleka bandarini", lazima ajue ni geti namba ngapi, na geti moja kufunguliwa hakumwambii lolote kuhusu geti jingine. Namba za poti zinafika 65535, lakini kwa shughuli yetu tunahitaji chache tu. Kurasa za tovuti hupita 443, na zile za zamani zisizofichwa hupita 80. Programu inayosoma barua kwa njia ya IMAP hupita 993, na wanaotumia POP3 hupita 995. Barua inayotoka hupita 587 au 465. Ipo pia 25, ambayo nitaifikia, kwa sababu nayo ilikuwa na sehemu yake katika kisa hiki.

Basi mtu anaposema "mtandao upo, kurasa zinafunguka", amethibitisha mambo matatu tu: kwamba majina ya tovuti yanageuzwa kuwa anwani, kwamba njia ya kutoka nje ipo, na kwamba poti 443 inapita. Kuhusu 993 bado hajasema neno. Katika baadhi ya maofisi hata hayo matatu hayajathibitika sawasawa, kwa sababu kivinjari kimewekewa seva ya kati inayokiletea kurasa, ilhali programu ya barua inatoka moja kwa moja na haipiti huko kabisa.

Kuna jambo jingine linalochanganya, na ofisini pale lilizua ubishi. Karani mmoja alisema, "Mbona Gmail yangu kwenye simu yafanya kazi, na niko kwenye waifai hii hii?" Ni kweli ilikuwa inafanya kazi. Lakini akaunti ya Gmail ikisomwa ndani ya programu ya Gmail yenyewe haitumii 993. Programu hiyo inazungumza na seva za Google kwa njia yao wenyewe kupitia 443, sawa na ukurasa wa tovuti. Programu ya Outlook ya kwenye simu nayo huzungumza na seva za Microsoft kupitia 443, kisha seva hizo ndizo zinazokwenda kuchukua barua zako kule ziliko. Kwa hiyo barua kuingia kwenye simu si ushahidi kwamba poti za barua ziko wazi. Ukitaka simu ikupe ushahidi, iwe ni simu yenye programu inayosoma sanduku lile lile la kampuni kwa IMAP moja kwa moja.

Sasa tutazame vile muunganisho unavyoshindwa, maana hapo ndipo jibu lilipo, na watu wengi hulipita. Muunganisho hushindwa kwa namna tatu, na kila namna ina maana yake.

Ya kwanza ni kimya. Unabisha, hakuna anayejibu, programu inangoja kama sekunde ishirini au zaidi, kisha inakata tamaa na kuandika `timed out`. Maana yake mtu fulani njiani, au kwenye seva yenyewe, anaziokota pakiti zako, yaani vipande vya data unavyotuma, na kuzitupa bila kusema neno. Kuta nyingi za ulinzi wa mtandao hufanya hivyo kwa makusudi.

Ya pili ni kukataliwa papo hapo. Ujumbe unakuja mara moja ukiwa na neno `refused`. Hapo umejibiwa. Mara nyingi mashine ipo na umeifikia, ila huduma uliyoiulizia haiendeshwi kwenye poti hiyo. Baadhi ya kuta za ulinzi hukataa kwa sauti namna hii badala ya kunyamaza, kwa hiyo neno hili peke yake halimtoi mtandao kwenye shutuma, lakini likufanye uhakikishe kwanza kwamba namba ya poti uliyoandika ni sahihi.

Ya tatu ni kufika na kugombana ndani. Programu inakwambia nenosiri si sahihi, au cheti cha seva, yaani kitambulisho chake, hakiaminiki. Ukiona ujumbe wa namna hiyo, achana kabisa na habari ya poti kufungwa, kwa sababu huwezi kuambiwa nenosiri lako ni baya na seva usiyoifikia. Nimekutana na watu waliobadilisha ruta wakati tatizo lilikuwa hili. Kwa mfano, wanaosoma Gmail kwa programu nyingine: tangu tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kukubali nenosiri la kawaida kutoka kwenye programu hizo kwa akaunti za watu binafsi. Lazima programu ipitie ukurasa wa kuingia wa Google, au utengeneze nenosiri maalumu la programu. Ukilazimisha lile la zamani utakataliwa kila siku, na mtandao hauna kosa.

Ofisini pale tulikuwa kwenye namna ya kwanza, kimya. Nikafungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri kwenye Windows, na kubisha kila poti moja moja:

```
Test-NetConnection mail.example.com -Port 443
Test-NetConnection mail.example.com -Port 993
Test-NetConnection mail.example.com -Port 587
```

Kwenye Mac au Linux ungeandika `nc -vz mail.example.com 993` ukapata jibu lile lile. Kwenye Windows mstari wa kutazama ni `TcpTestSucceeded`. Kwa 443 ulisema `True` mara moja. Kwa 993 ukakawia, kisha ukasema `False`. Kwa 587 vivyo hivyo. Chini ya kila `False` Windows iliongeza kwamba `PingSucceeded` ni `True`, na hapo mtu asihadaike: pingi, ile salamu fupi ya kuuliza kama mashine ipo, haitumii poti yoyote, kwa hiyo inaweza kupita vizuri wakati poti zote za barua zimezibwa, na inaweza kukataa wakati barua zinapita bila shida.

Mwenye ofisi aliyaona majibu hayo na kusema, "Si nilikwambia?" Kwa sababu sasa picha ilikuwa kamili: kwenye seva ile ile, mlango wa tovuti uko wazi na milango ya barua imefungwa, na kwa hotspoti ya simu yote iko wazi. Alikuwa ameshaanza kuandika ujumbe mkali kwa mwenye jumba.

Nilimwomba asubiri dakika tano, kwa sababu kulikuwa na kipimo kimoja hatujakifanya. Kujaribu mtandao mwingine kwenda seva ile ile, kama alivyofanya karani kwa hotspoti, kunabadilisha mambo mawili kwa pamoja. Kunabadilisha njia unayopita, ndiyo. Lakini kunabadilisha pia anwani ambayo seva inakuona nayo. Ukiwa kwenye waifai ya ofisi, seva inaiona anwani ya nje ya ofisi. Ukiwa kwenye hotspoti, inaiona anwani ya kampuni ya simu. Kwa hiyo hotspoti ikifaulu, yawezekana mtandao wa ofisi unazuia poti, na yawezekana pia seva yenyewe imeigomea anwani ya ofisi. Kipimo cha hotspoti hakiwezi kutenganisha hayo mawili. Kinachoyatenganisha ni kukaa pale pale kwenye waifai ya ofisi na kubisha poti ile ile kwenye seva ya mtu mwingine kabisa:

```
Test-NetConnection imap.gmail.com -Port 993
Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 587
```

Huhitaji kuwa na akaunti ya Gmail. Unabisha tu kuona kama njia ipo. Zote mbili zilisema `True`, bila kukawia.

Jibu hilo liligeuza kesi nzima. Kama mtandao wa jumba ungekuwa unaziba 993, ungeiziba kwa Google pia. Ukuta wa jumba unaweza kuruhusu seva za wachache na kuzuia wengine, ila ni mpangilio wa nadra, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuweka hapo. Mwenye kunyamaza alikuwa seva ya barua ya kampuni yenyewe, kule inakokodishwa.

Kwa nini seva imgomee mteja wake? Seva za barua zilizo wazi kwa dunia nzima hubishiwa usiku na mchana na wezi wanaokisia manenosiri. Ndiyo maana wenye seva huweka programu ya ulinzi inayosoma kumbukumbu za seva, na inapoona anwani moja inakosea nenosiri mara nyingi kwa muda mfupi, inaifungia. Mojawapo inayojulikana sana ni Fail2ban. Katika mipangilio yake ya awali, makosa 5 ndani ya dakika 10 yanatosha kukufungia kwa dakika 10, lakini mwenye seva anaweza kuweka adhabu ya saa nyingi au siku nyingi. Baadhi ya programu hizi huifungia anwani milango yote, hata tovuti ya kampuni haifunguki kutoka hapo. Nyingine hufunga milango ya barua pekee. Ofisi hii iliangukia kwenye aina ya pili, na ndiyo maana 443 ilibaki wazi ikatufanya tuamini kwamba seva haina ubaya na sisi.

Adhabu ikiwa fupi, dalili yake ni ya kuudhi zaidi: barua zinaingia kwa dakika chache, zinakwama, zinaingia tena, na kila fundi anayeitwa anakuta zinafanya kazi.

Ilibaki kumtafuta anayekosea nenosiri. Niliwauliza kama kuna aliyebadilisha nenosiri hivi karibuni, na karani akajibu kwamba walilibadilisha wiki ya kuhama, kwa sababu mfanyakazi mmoja alikuwa ameondoka. Kompyuta zote tatu ziliwekewa jipya. Basi nikauliza kuhusu simu. Wakatazamana. Simu ya zamani ya ofisi, inayotumika kwa kupigia madereva, ilikuwa kwenye chaja juu ya kabati. Ilikuwa imeunganishwa na waifai mpya asubuhi ile ile, na ndani yake sanduku la barua la kampuni lilikuwa bado na nenosiri la zamani. Ilikuwa inajaribu kuingia, inakataliwa, inajaribu tena, bila mtu kuitazama.

Watu husahau kwamba vifaa vyote vilivyo nyuma ya ruta moja huonekana nje kwa anwani moja. Seva haijui kama aliyekosea ni simu iliyo juu ya kabati na anayetaka hati za shehena ni kompyuta iliyo mezani. Inaona anwani moja inayokosea, inaifungia, na ofisi nzima inaumia. Kwenye jumba ambalo wapangaji wote wanagawana anwani moja ya nje, simu ya mpangaji wa ghorofa ya juu, kama naye amekodi kwa kampuni ile ile ya seva, inaweza kukufungia wewe usiyemjua.

Nikaondoa akaunti kwenye ile simu kwanza, kwa sababu ukifunguliwa kabla ya kumzuia mkosaji utafungiwa tena kabla chai haijapoa. Kisha nikaitafuta anwani yetu ya nje. Kwenye PowerShell ni mstari mmoja:

```
curl.exe ifconfig.me
```

Tukawapigia wenye seva, tukawapa anwani hiyo na saa tatizo lilipoanza, tukauliza kama imo kwenye orodha ya waliofungiwa. Ilikuwemo. Swali likiulizwa hivyo linajibiwa haraka, wakati "barua zetu hazifanyi kazi" lingetuzungusha siku nzima, kwa sababu anayepokea simu akifungua sanduku lako kutoka kwake ataliona liko sawa. Baada ya dakika chache nikabisha 993 tena, ikasema `True`, na barua zikaanza kushuka.

Nilidhani tumemaliza. Mwenye ofisi akamjibu wakala wa meli, akabonyeza kutuma, na programu ikakaa kimya. Dakika ikapita. Ujumbe ukaja: kuunganisha na seva ya barua zinazotoka kumeshindikana, muda umekwisha. Kutoka kwenye hotspoti hakuna aliyekuwa amejaribu kutuma, walijaribu kupokea tu.

Nikafungua mipangilio ya barua zinazotoka. Poti ilikuwa 25. Aliyewawekea miaka iliyopita aliiandika, ikafanya kazi kwenye ofisi ya zamani, na hakuna aliyeigusa tangu hapo. Nikabisha poti 25 kwa seva yao, kimya. Nikabisha 25 kwa seva nyingine mbili za barua za watu wengine, kimya. Hapa sasa mwenye ofisi alikuwa na haki: poti hii ilikuwa imezibwa na mtandao wa jumba, au na anayewauzia intaneti, na imezibwa kwa kila seva.

Na imezibwa kwa sababu njema. SMTP, utaratibu wa kutuma barua, ulipoandikwa mwaka 1982, poti 25 ilitumiwa na kila mtu, seva kwa seva na mtu kwa seva, bila kuulizwa wewe ni nani. Baadaye kompyuta za watu wa kawaida zilipoanza kuambukizwa virusi vinavyotuma barua taka kwa maelfu, virusi hivyo vilitumia njia hiyo hiyo, kwenda moja kwa moja kwenye seva za dunia nzima. Mwaka 1998 ikatengwa poti 587 kwa ajili ya mtu anayekabidhi barua kwa seva yake mwenyewe, na katika poti hiyo unajitambulisha kwa jina na nenosiri kabla ya kukubaliwa. Poti 25 ikabaki ya seva kuzungumza na seva. Tangu hapo watoa huduma wengi wa intaneti huizuia 25 kutoka kwa wateja wa kawaida, na mimi nawaunga mkono. Kompyuta moja yenye virusi ikituma taka kupitia anwani ya jumba, anwani hiyo huingizwa kwenye orodha za watumaji taka, na wapangaji wote huanza kuona barua zao zikikataliwa kule zinakokwenda. Kwa hiyo usiombe ufunguliwe 25. Omba programu yako iache kuitumia.

Nikabadilisha 25 kuwa 587, na hapo kuna mtego unaofanana kabisa na poti iliyofungwa, kiasi kwamba nimeshawaona mafundi wakinaswa. Pembeni ya namba ya poti, programu inakuuliza aina ya ulinzi wa muunganisho, na kuna chaguo la `STARTTLS` na chaguo la `SSL/TLS`. Poti 587 inaendana na `STARTTLS`: mazungumzo yanaanza wazi, seva inasalimia kwanza, kisha pande mbili zinakubaliana kujifunika. Poti 465 inaendana na `SSL/TLS`: kujifunika kunaanza kabla ya neno lolote, na mteja ndiye anayeanza. Ukiweka 465 pamoja na `STARTTLS`, programu yako inangoja isalimiwe, na seva inangoja programu ianze kujifunika. Kila mmoja anamngoja mwenzake mpaka muda unakwisha, na kwenye kioo unasomeka ule ule ujumbe wa `timed out`. Ukibisha poti kwa amri utaona `True`, na hiyo ndiyo dalili: njia iko wazi lakini programu inasema muda umekwisha. Geuza chaguo la ulinzi kabla ya kumlaumu yeyote.

Tukaweka 587 na `STARTTLS`, tukahakikisha programu inatuma jina na nenosiri kwenye seva ya barua zinazotoka pia, si zinazoingia pekee. Barua ya wakala ikaondoka.

Kuna mitandao inayofunga poti hizi kweli, yote 993, 587 na 465, na hapa pwani nimeikuta zaidi kwenye waifai za wageni: hoteli, mikahawa, kumbi za mikutano. Mwenye mtandao wa wageni mara nyingi huruhusu kurasa tu na kufunga vingine vyote. Utaujua kwa vipimo vile vile, ila majibu yanakuja kinyume cha yale ya ofisini: 993 kimya kwa seva yako na kimya kwa seva za wengine, huku 443 ikipita kote. Kabla ya kuamua, funga na ufungue kivinjari uone kama hujaletewa ule ukurasa wa kukubali masharti au kuweka namba ya chumba, kwa sababu kabla hujaupita, mitandao ya aina hiyo huzuia karibu kila kitu na programu ya barua haina namna ya kukuonyesha ukurasa huo. Zima pia kwa dakika mbili kinga ya virusi ya kompyuta yako kama ina sehemu ya kukagua barua, ubishe tena. Nyingine huingia katikati ya muunganisho na zikikorofisha hufanana na mtandao uliofungwa.

Ukithibitisha, mwombe msimamizi kitu kinachotamkika: aruhusu miunganisho ya TCP inayotoka kwenda poti 993, 587 na 465. Mwonyeshe na vipimo viwili, kimoja cha seva yako na kimoja cha seva ya wengine. Hizi ni njia za kutoka tu, hafungui mlango wowote wa kuingia kwenye mtandao wake, na ukimweleza hivyo wasiwasi wake hupungua.

Ikitokea kwenye mtandao wa wageni programu inakuonya kwamba cheti cha seva yako kina jina la mtu mwingine, usibonyeze kukubali ili barua ipite. Maana yake ni kwamba unayezungumza naye huenda si seva yako, na hatua inayofuata ni wewe kumkabidhi nenosiri.

Msimamizi akikataa, au ni usiku hayupo, kuna data ya simu, kuna VPN, njia iliyofichwa inayobeba mawasiliano yako ndani yake, kama mtandao huo unairuhusu, na kuna kusoma barua kwenye ukurasa wa tovuti. Hiyo ya mwisho ina kikwazo kinachowashangaza wenye barua za kampuni. Seva nyingi za kukodi zinazotumia cPanel, programu ya kusimamia seva kupitia kivinjari, huweka ukurasa wa barua kwenye poti 2096, kwa anwani inayoonekana hivi:

```
https://mail.example.com:2096
```

Ni ukurasa wa tovuti, lakini haupiti 443, kwa hiyo mtandao unaoruhusu 443 na 80 pekee utauzuia huu pia, na mtu ataamini kwamba seva yake imekufa. Jaribu badala yake `https://webmail.example.com`, ukiweka jina la kampuni yako. Kama aliyekuwekea seva aliacha jina hilo kama linavyokuja na cPanel, utafika kwenye ukurasa ule ule kupitia 443.